Meseji ya kuongea imeandika maajabu: jinsi ya kujua mtu alitaka kusema nini

Jumatatu asubuhi Kariakoo, ndo kwanza tumefungua duka, tunauza taulo, shuka na mito, ikaingia meseji ya mama mmoja mteja wetu wa siku nyingi, anaagizia duka la mdogo wake:

```
mwambie kijana alete taulo 34 na mtoto mikubwa 6 sikukuu na kunguni hela mdogo wangu atalipa mpaka jumatano
```

Huyu mama haandiki kwa vidole, macho yanamsumbua, anabonyeza kale ka maiki kwenye kibodi anaongea na simu inaandika yenyewe. Dogo wa dukani kaisoma kacheka mpaka kakaa chini, mtoto mikubwa sita, na kunguni juu. Mi nilicheka pia ila nikashtuka baadae, maana humo humo kulikuwa na makosa mengine mawili ambayo hayachekeshi na hakuna aliyeyaona, na hayo ndo yangetutia hasara.

Kitu cha kuelewa kabla ya yote, simu haiandiki herufi kwa herufi kama ilivyosikia. Inatafuta maneno inayoyajua ambayo yakipangwa yanakaribia ile sauti, kisha inachagua mpangilio unaoelekea zaidi. Ndo maana kosa lake halifanani na kosa la kidole. Mtu akiteleza kidole unapata "tauki" na unajua hapo hapo ni taulo. Simu ikikosea inakupa neno zima, limeandikwa vizuri kabisa, ila siyo lililosemwa. Na sauti yenyewe inakuwa imeshapotea, yamebaki maandishi tu, huwezi kurudisha nyuma usikilize kama voisi.

Kwa hiyo meseji ya hivi usiisome kwa macho, isome kwa mdomo. Itamke kwa sauti, haraka haraka, unganisha maneno kama mtu anavyoongea, ikiwezekana kwa lafudhi ya aliyeituma. Nusu ya makosa yanajifichua hapo hapo.

Dalili: meseji nzima haieleweki, imejaa Kizungu cha ajabu

Hii ndo rahisi kuliko zote. Unapata kitu kama hiki:

```
Joe caribou Kari a call
```

Sababu karibu kila mara ni moja, maiki ilikuwa imewekwa Kiingereza mtu akaongea Kiswahili. Tamka hiyo juu kwa sauti utasikia mwenyewe: njoo karibu, Kariakoo. Kiswahili kiliingia kwenye kuandika kwa sauti kwa Google mwaka 2017, lakini simu nyingi zinatoka dukani zikiwa na Kiingereza na hakuna anayegusa seting.

Kama ni mama au mjomba wako unaweza kushika simu yake, mrekebishie. Kwenye Gboard ingia kwenye seting za kibodi, `Languages`, kisha `Add keyboard`, tafuta `Swahili`, na ukiletewa chaguo la nchi weka Tanzania. Baada ya hapo mwonyeshe kwamba kabla ya kubonyeza maiki aangalie kibodi iko kwenye lugha gani, maana ukiwa na lugha mbili inabaki kwenye ile uliyotumia mwisho.

Sababu ya pili, ambayo siyo ya kawaida sana, seting iko sawa ila mtu anachanganya lugha mbili kwenye sentensi moja. Hapo Kiswahili kinatoka kizuri, panaharibika pale kwenye neno la Kiingereza tu. Haina shida kubwa, neno lenyewe utalisikia ukilitamka.

Dalili: neno moja limekaa kama mgeni kwenye msiba wa watu

Hapa ndo kuna "mtoto mikubwa" na "kunguni". Nianze na mtoto.

Cheki ya kwanza ni ngeli. Kiswahili kinarudia alama ya neno kwenye maneno yanayolifuata, kwa hiyo hata simu ikikosea jina lenyewe, mara nyingi maneno yanayofuata yamebaki salama na yanakwambia jina lilikuwa la aina gani. "Mikubwa" haiwezi kumfuata mtoto, mtoto ni mkubwa na watoto ni wakubwa. Mikubwa inataka kitu cha m- na mi-, mkeka na mikeka, mto na mito. Duka linauza mito. Tamka "na mito mikubwa" haraka haraka halafu tamka "na mtoto mikubwa", umeona zilivyo karibu. Hiyo imeisha.

Angalizo dogo, ngeli ni ushahidi siyo hukumu. Kuna watu wanaongea "hii mtu" na "viatu yangu" kila siku na ndivyo walivyo, kwa hiyo kwanza jua mtumaji huwa anaongeaje. Huyu mama anaongea Kiswahili kilichonyooka, akisema mikubwa kamaanisha mikubwa.

Kunguni sasa. Ngeli haikusaidii, "na kunguni" ni sahihi kabisa kisarufi, hata ukitamka unasikia kunguni tu. Hapa cheki ya pili, jiulize neno hili limekaa kwenye nafasi ya nini. Meseji inasema alete kitu, halafu kinafuata kitu, halafu inaingia habari ya hela. Kati ya mzigo na hela watu huwa wanaweka nini? Mahali. Na Kariakoo mahali tunapataja kwa mitaa miwili inayokatana, hatusemi namba ya nyumba. Kwa hiyo "sikukuu na kunguni" ni kona, Mtaa wa Sikukuu na Mtaa wa Mkunguni. Ile m ya mwanzo haina irabu yake, mtu akiwa anaongea haraka inamezwa na "na" iliyotangulia, simu ikasikia kunguni, neno inalolijua, ikaridhika.

Majina ya mitaa ya huku yanaua sana kwa sababu mengi ni maneno ya kawaida. Sikukuu simu inaiandika kwa herufi ndogo na mtu anaelewa mzigo uletwe siku ya sikukuu, anaweka stoo anasubiri Idi. Narung'ombe ndo usiseme, nishaambiwa "njoo na ng'ombe". Ukiona neno geni baada ya lete, peleka, njoo, nipo au shukia, kabla ya kitu chochote lijaribu kama jina la mtaa au kituo.

Sababu zinazofuata baada ya hizo mbili ni za mdomo wa mtu mwenyewe. Kuna wanaobadilishana r na l, kura inakuwa kula. Kuna wanaotamka th kama z au s, na hapo "ya thamani" na "ya zamani" zinakutana njiani, kwetu dukani hiyo inaleta ugomvi kweli maana mtu anayetaka taulo za thamani na anayetaka zile za zamani alizochukua mwezi uliopita ni watu wawili tofauti. Dawa yake ni kumjua mtu. Fungua meseji zake za nyuma, ukikuta kabadilisha herufi hiyo hiyo mara tatu basi ndo tabia ya mdomo wake, rekebisha kwa mtindo huo huo.

Na mwisho kuna maneno yaliyokatwa au kuunganishwa vibaya, "si mama hapo" badala ya "simama hapo", "wa kati" badala ya "wakati". Futa nafasi kichwani usome tena, inatosha.

Dalili: sentensi imenyooka kabisa, ila maana imegeuka

Hii ndo mbaya kuliko zote, kwa sababu haina dalili. Hakuna neno la kuchekesha, hakuna kinachokusimamisha. Rudi kwenye meseji yetu: "hela mdogo wangu atalipa mpaka jumatano". Dogo kaisoma kama analipa, si mbaya, mzigo upelekwe akusanye hela. Mama alisema HATALIPA mpaka Jumatano. Herufi moja, h, na ni sauti nyepesi ambayo ikikaa katikati ya irabu mbili, "wangu hatalipa", inapotea hata kwa sikio la binadamu. Huku Dar kuna watu wengi tu hawaitamki kabisa.

Lakini usiogope kila kitenzi, siyo vyote viko hatarini. Fikiria hivi. "Amelipa" ukiikana inakuwa "hajalipa", imebadilika katikati, simu haiwezi kuchanganya kirahisi. "Analipa" inakuwa "halipi", mwisho umebadilika. "Alilipa" na "hakulipa", mbali kabisa. Na ukikuta "ajalipa" jua moja kwa moja ni hajalipa, kwa sababu "ajalipa" ya kukubali haipo. "Nitakuja" na "sitakuja" nazo zinaanza na sauti mbili tofauti, hizo naziamini.

Zinazoua ni zile ambazo tofauti pekee ni h: atalipa na hatalipa, utapata na hutapata, ana na hana, una na huna. Yaani wakati ujao wa yeye na wewe, na habari ya kuwa na kitu. Hizo ukizikuta kwenye meseji ya kuongea na kuna hela au mzigo nyuma yake, zichukulie kama hazijaandikwa, zithibitishe.

Cheki nyepesi kwanza ni kutafuta maneno yanayopenda kutembea na ukanushi. "Wala", "kabisa", "hata", "mpaka". Mtu kakuandikia "ana hata mia", hiyo ni hana, hakuna anayejisifu kuwa na hata mia. Kwetu hapa kuna "mpaka", imenifanya nishtuke, ila haikunipa jibu. Maana "atalipa mpaka Jumatano" mtu anaweza kuielewa kwamba ikifika Jumatano atakuwa ameshalipa, na "hatalipa mpaka Jumatano" ni kwamba kabla ya hapo usitegemee. Sarufi imefika mwisho wake, hapo ni kuuliza tu.

Na kuuliza kwenyewe kuna namna. Watu wengi wanakosea hapa. Ukimwandikia "mama, umesema atalipa au hatalipa?" atabonyeza maiki ajibu "hatalipa", simu itaandika "atalipa", umerudi pale pale. Ukimuuliza "hatalipa leo?" akajibu "ndiyo", ndiyo ipi sasa? Ndiyo halipi, au ndiyo analipa? Kwa Kiswahili chetu ndiyo ya hapo ni ya kukubali kwamba halipi, lakini siyo kila mtu anajibu hivyo. Uliza swali ambalo jibu lake halina ile h ndani yake. Mi niliandika hivi: "Shikamoo mama, hela nichukue siku gani?" Jibu likarudi "marahaba jumatano mwanangu". Jumatano haichanganyiki na leo.

Dalili: namba haiingii akilini

Taulo 34. Dogo aliikubali kwa sababu imeandikwa kwa tarakimu, na tarakimu zina heshima yake, mtu anaona 34 anaamini ni 34. Tatizo ni kwamba simu ikishabadilisha maneno kuwa tarakimu imefuta ushahidi wote wa sauti. Irudishe kwenye maneno: thelathini na nne. Sasa sikiliza, ni namba gani nyingine inayosikika hivyo? Themanini na nne. Thelathini na themanini zinaanza na the na kuisha na ini, katikati guta likipita linapiga honi imekwisha hiyo.

Cheki ya biashara ndo iliyonisaidia. Taulo kwa jumla tunauza kwa dazani, 12. Thelathini na nne haitoki kwenye dazani, unapata mbili zinabaki 10. Themanini na nne ni dazani 7 kamili. Nikafungua daftari, oda yake ya mwisho ilikuwa dazani 6. Hapo nilikuwa na uhakika wa kutosha kupanga mzigo pembeni, ila siyo wa kutosha kuupeleka. Kwenye kuuliza, sikumtajia namba yoyote kati ya zile mbili, niliuliza "dazani ngapi?" akajibu "saba". Kubadilisha kipimo ni njia nzuri kuliko zote za kuhakiki namba, maana ile sauti iliyoleta utata hairudii.

Namba nyingine za kuangalia: sitini, sabini na tisini. Nane inaweza kutoka "nani", ukiona "njoo saa nani" ni saa nane. Hela ndo inahitaji jicho zaidi, "elfu ishirini na tano" wengi tunaelewa 25,000 lakini kuna mtu akitamka kwa kupumzika katikati simu inampa 20,000 na 5 peke yake pembeni. Laki na nusu nayo, mwambie aandike sifuri zote kwa kidole.

Saa: simu ikiandika 2:00 wakati mtu kasema saa mbili, unaweza kwenda saa nane mchana kumfuata mtu wa saa mbili asubuhi. Usiulize "saa mbili ipi", uliza "kabla au baada ya chakula cha mchana?"

Dalili: kuna maneno ambayo hayamhusu kabisa, au meseji imekatika

Mtu aliongelea kwenye daladala. Maiki haijui nani ni nani, kwa hiyo konda anaingia: "mwambie baba nimefika Buguruni wawili twende hela nimeiacha kwa jirani". Toa "wawili twende", meseji imepona. Ila kabla hujatoa hakikisha bila hayo maneno sentensi inaungana vizuri pande zote mbili, la sivyo unaweza ukawa unafuta alichosema yeye.

Ikikatika mwishoni, mara nyingi mtu alinyamaza kidogo kufikiria na maiki ikajizima, au mtandao uliyumba. Usijaze mwisho kwa kukisia. Mwombe amalizie, basi.

Hapa simama, usikisie

Dawa. Shangazi akikutumia meseji ya kuongea ukamnunulie dawa, usitafsiri jina lake hata kama unadhani umelisikia. Metfomini ni ya kisukari na metronidazo ni antibayotiki, na kwa simu iliyowekwa Kiswahili zote mbili zinaweza kutoka zimevurugika vile vile. Omba picha ya boksi au ya cheti cha daktari, mpelekee mfamasia asome yeye. Kipimo hivyo hivyo, "moja mara tatu" na "tatu mara moja" ni vitu viwili, na "mpe mara moja" inaweza kuwa mpe mara moja kwa siku au mpe sasa hivi. Mgonjwa akiwa ameshakunywa kitu kwa kufuata meseji ya hivyo, nenda kituo cha afya na pakiti ya dawa mkononi, meseji utaichambua baadae.

Hela ya kutuma. Namba ya simu iliyosemwa kwa mdomo ikiandikwa na simu, tarakimu moja ikihama imeenda kwa mtu mwingine. Soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri, na kama silo unalolijua acha hapo. Na meseji iliyovurugika inayokwambia utume kwenye namba mpya, piga simu kwa namba ile ya zamani uliyonayo, usipige hiyo iliyoandikwa humo ndani. Matapeli nao wanajua kuandika vibaya. Ukishatuma kimakosa usimbembeleze aliyepokea, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja.

Makubaliano ya kiwanja, pango au deni. Usimwekee mtu maneno mdomoni halafu ukaja kumwambia "ulisema". Kama mmeshaanza kubishana kwamba aliandika atalipa au hatalipa, iache meseji kama ilivyo, usiihariri wala kuifuta, muone mwanasheria au anzeni ofisi ya serikali ya mtaa.

Kwetu siku ile ilibaki kazi moja. Dogo alishataka kuifowadi ile ile kwa kijana wa guta, nikamzuia, maana kijana angeisoma na kunguni wake angeenda kuuliza mtaa mzima. Nikaandika upya kwa kidole: "Taulo dazani 7, jumla 84. Mito mikubwa 6. Peleka kona ya mtaa wa Sikukuu na mtaa wa Mkunguni. Usichukue hela leo, hela ni Jumatano." Nikamtumia mama kwanza, aliisomewa na mjukuu wake, akapiga simu mwenyewe kusema iko sawa, ndo guta likaondoka.